Watoto wa buluu

Mama mmoja aliyenipa kazi ya nembo na bango la kituo chake cha kulelea watoto alinipigia simu Jumapili asubuhi, mwaka 2018, akaniambia kompyuta niiache nyumbani. "Njoo wewe mwenyewe tu, fundi. Kuna kitu nataka ukakione kabla hatujaongea hela."

Tulipanda bajaji Ligula, tukashuka Chikongola mbele ya kituo kimoja cha kulelea watoto. Akaninyooshea bango la fleksi lililofungwa kwa waya juu ya geti.

"Hebu waangalie hao watoto."

Walikuwa wanne, wanacheka, lakini nyuso zao zilikuwa za buluu na midomo ya kijivu, kama watu waliotolewa majini.

"Kila nikipita hapa nasema humu ndani wanaumwa. Kwangu sitaki."

Nikaitikia, "Kweli, mama." Sikumwambia kwamba bango lile nilikuwa nimelitengeneza mimi, mwaka mmoja na ushee nyuma, na kwamba wale watoto nilikuwa nimewaokota mtandaoni. Hata mwenye kituo hakuwajua.

Kilichotokea nilikielewa palepale, kwa aibu. Mashine ya kuchapa mabango inachanganya wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na mweusi. Juani majenta na manjano hufa mapema, samawati na mweusi hubaki. Sasa ngozi ya mtu kwenye picha karibu yote ni majenta na manjano. Ukiitundika mwaka mzima kwenye jua la Mtwara, unabaki na maiti inayocheka.

Tukarudi barazani kwake, nikatandaza sampuli nilizokuwa nimemletea wiki iliyotangulia. Nembo aliipenda: kuku amefunika vifaranga, kimoja kimechungulia chini ya bawa. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Alichukua begi dogo la shule. Nilikuwa nimelipamba vizuri, nembo katikati na jina la mtoto chini yake kwa herufi kubwa. Wazazi huwa wanalipenda hilo.

"Nikisimama getini hapo saa tisa," akasema, "nikasoma hapa 'Rashidi', nikaita: Rashidi, njoo, mama kanituma nikuchukue. Mtoto wa miaka mitatu atakataa?"

Sikuwa na jibu. Kwa mtoto wa umri ule, anayemjua jina lake ni ndugu. Tukakubaliana jina liandikwe ndani ya mfuniko wa begi, na nje ibaki nembo na namba ya simu ya kituo. Hapo ndipo alipotoa wazo la kadi: kila mtoto awe na namba, mzazi akae na kadi yenye namba hiyo na nembo, na anayekuja bila kadi asubiri mpaka mzazi apigiwe. Kuichapa kadi ile kulikuwa kazi ndogo kuliko zote nilizomfanyia, lakini nadhani ndiyo wazazi waliyoizungumza zaidi.

Halafu akashika beji ya mlezi, ile ya plastiki yenye pini nyuma. Akaivuta kidogo tu kwa kidole gumba. Pini ikafunguka.

"Mlezi ambebe mtoto kifuani na hii?" Akaigeuza. "Ikidondoka, itakwenda mdomoni."

Tukaziacha beji, majina ya walezi yakadariziwa kwenye fulana. Hayo ndiyo yalitakiwa yawe makubwa, kwa sababu mzazi lazima ajue amemkabidhi nani mtoto wake. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume: jina la mtoto kubwa, la mlezi dogo.

Bango la nje tulilipaka kwa rangi ya mafuta kwenye bati, bila picha ya mtoto hata mmoja. Jina la kituo lilipewa herufi za sentimita 25, maana barabara iko kama mita 30 na hesabu yetu mafundi ni sentimita mbili na nusu kwa kila mita tatu. Chini yake akataka namba ya usajili, isomeke na mtu aliyesimama getini. Skrubu nilinunua zisizoshika kutu. Upepo wa chumvi ukizila za kawaida, bango linatoa machozi ya kahawia.

Siku aliyonilipa nusu ya kwanza sikununua wino wala sikwenda nyumbani. Nilikodi ngazi, nikaenda Chikongola jioni, nikamwomba mwenye kile kituo anisamehe na aniruhusu nilishushe bango lake, nitampakia jingine bure. Akacheka, akasema alishalizoea.

Nilipolikunja, waya ulikuwa umekatika sehemu mbili. Lilikuwa limeshikiliwa na kona moja, juu ya mahali watoto wanapopita.

Mama yule sijamwambia mpaka leo.