Siku moja maishani mwangu: mhariri wa video na sekunde 50 za mwisho

Saa 2 asubuhi. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mhariri wa video huishia pale video inapopandishwa, lakini sehemu inayonila muda zaidi huanza siku mbili baadaye, wakati takwimu za video hiyo zimekwisha kukusanyika na grafu ya watazamaji waliobaki inaweza kusomwa. Ninafungua YouTube Studio, ninapitia chaneli za wateja wangu moja baada ya nyingine, na ninaandika kandokando ya kila grafu ni neno gani lilisemwa au picha gani ilionekana pale mstari uliposhuka ghafla.

Saa 3 hadi saa 5 ni kukata, kusawazisha sauti na kuweka maandishi, kazi ya kila siku.

Saa 5 na nusu anapiga simu mteja ambaye ninamheshimu sana, mama mmoja anayefundisha ushonaji. Amesikia mahali kwamba kuwaomba watazamaji wajiunge na chaneli huwafukuza, na papo hapo hataki hata sekunde moja ya hitimisho lake iguswe. Hitimisho hilo lina sekunde 50: muhtasari, shukrani, salamu, ombi la kujiunga na kubonyeza kengele, kisha salamu tena. Anataka niliondoe ombi na kuyaacha mengine yote.

“Mwanangu,” ananiambia, “mgeni akiondoka kwangu bila kuagwa, hiyo ni heshima gani?”

“Mwalimu, kuaga ni haki yake,” ninamjibu, “ila wageni wako wengi wanatoka unapoanza kuaga, kabla hujawaomba lolote.”

Hakubali. Simu inaendelea kwa zaidi ya saa nzima, chakula cha mchana kinapita, na nimechoka kurudia sentensi zilezile, lakini hoja yake inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Ninamwomba afungue video yake ya kushona kola ya shati, yenye dakika 10 kamili, ili tuisome pamoja.

Kabla ya kusoma, ninamweleza jambo moja ambalo wengi hulipita. Anayechukua takwimu hizi kwa njia ya API, yaani mlango ambao programu hupitia kuomba data moja kwa moja kutoka YouTube, hupewa nukta 100 kwa kila video, ziwe dakika zake ni chache au nyingi, na kila nukta hutaja sehemu ya video iliyokwisha kupita na uwiano wa wanaotazama hapo:

```
elapsedVideoTimeRatio, audienceWatchRatio
```

Kwa video ya dakika 10, kila nukta hubeba sekunde 6, na hivyo hitimisho lake lina nukta nane hivi, zinazotosha kuonyesha mteremko ulipoanzia. Kama video ingekuwa ya saa moja, nukta moja ingebeba sekunde 36, na kubishana kuhusu neno gani lilimwondoa mtazamaji kungekuwa ni kukisia.

Sasa tunasoma. Katika dakika ya 9 na sekunde 6, kola inakamilika na anainyanyua mbele ya kamera. Hapo wamebaki watazamaji 40 katika kila 100 walioanza. Sekunde chache baadaye anasema, “Naam, mpaka hapo kola yetu imekamilika,” anaiweka kola mezani na kuweka mkasi pembeni. Kufikia dakika ya 9 na sekunde 30 wamebaki 23. Ombi la kujiunga linatamkwa baada ya hapo, na skrini ya mwisho, ile inayoonyesha video nyingine za kutazama, inatokea katika sekunde 20 za mwisho, wakati wamebaki 21.

Ninamsihi asihesabu hasara kwa kuanzia na wale 100 wa mwanzo, kwa sababu 60 kati yao walikwisha kuondoka kwa sababu nyingine. Swali ni hili: kati ya 40 waliofika kwenye hitimisho, wangapi walitoka kabla ya ombi? Ni 17, yaani zaidi ya wanne katika kila kumi. Wakati wa ombi lenyewe walitoka wawili kati ya 23. Aliyewatoa ni ile sentensi ya kwamba kazi imekamilika, pamoja na mkasi ulioondoka mkononi.

Hapo ananikatiza kwa hoja nzuri, na ninamsifu kwayo: huenda wale 23 waliobaki ni wapenzi wake wa siku zote, ambao wangevumilia hata ombi la dakika tano. Ni kweli, na ndiyo maana kipande cha mwisho peke yake hakiwezi kuamua kesi ya ombi. Tunafungua video yake nyingine, ambamo alitamka ombi katikati ya somo, akiwa bado anapiga pasi mshono ambao kila mtu alisubiri kuuona. Mstari pale uliendelea kuteremka kwa mwinamo uleule wa kabla na baada, bila bonde lolote. Ombi fupi linalotamkwa wakati mtazamaji bado ana kitu cha kusubiri halikumgharimu chochote kinachoonekana.

Mchana umeshakwisha ninapofika kwenye swali lake la mwisho, lile lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo: akipunguza hitimisho, je, muda wa kutazamwa hautapungua? Utapungua kidogo, na ni lazima mteja aelezwe ukweli huo. Sekunde 50 zinazotazamwa na watu wapatao 24 kwa wastani katika kila 100 huongeza sekunde 12 kwenye wastani wa muda wa kila mtazamo. Hitimisho la sekunde 14 litakaloshika watu 35 litaongeza kama sekunde 5. Anapoteza sekunde saba za kwenye karatasi. Anachokipata ni watu wanaoiona skrini ya mwisho wakiwa bado wapo. Hapa pia ninamwonya asiangalie asilimia ya wanaobonyeza video za kwenye skrini hiyo peke yake. Tuseme watazamaji ni 1,000: wakibaki 210 na asilimia 6 wabonyeze, ni watu kama 13, wakibaki 330 na asilimia 5 tu wabonyeze, ni watu kama 16. Asilimia imeshuka, waliokwenda kwenye video inayofuata wameongezeka.

Jua linazama, macho yanauma, na bado nina video ya mteja mwingine ya kumaliza. Tumekubaliana hivi: ombi litahamia kwenye dakika za katikati, wakati wa kupiga pasi, sentensi ya “imekamilika” itaondolewa, ataanza kutaja somo linalofuata kola ikiwa bado mkononi, na salamu yake, ambayo sikuwa na sababu ya kumnyima, itasemwa wakati skrini ya mwisho imekwisha kutokea. Video za kulinganisha zitakuwa za mafunzo yenye urefu unaokaribiana, si kola dhidi ya mazungumzo ya saa nzima. Nitasoma pia grafu za waliojiunga na chaneli na wasiojiunga kando kando, kwa sababu mteremko ukipungua kwa waliojiunga peke yao, nitakuwa nimewapima wale ambao hawakuwa na nia ya kuondoka.