Ankara iliyosema "Huduma" tu

Tulipohesabu mali za ofisi tulikuta kiyoyozi kipya ukutani ambacho hakikuwamo kwenye rejista. Akaunti ya matengenezo nayo ilikuwa imepanda kuliko miezi yote ya nyuma. Nikafungua faili na kukuta ankara ya fundi yenye mistari miwili: "Huduma, 2,400,000" na "Mengineyo, 380,000", kabla ya VAT. Yote nilikuwa nimeyaingiza mimi kwenye matengenezo, kwa sababu kila ankara ya fundi yule ilikuwa ikienda huko.

Ombi la ununuzi lilitaja kiyoyozi kimoja kipya na usafishaji wa vitatu vya zamani, lakini bila bei. Nikampigia.

"Fundi, hii huduma ya milioni mbili na laki nne ina nini ndani?"

"Dada, humo mna mashine, kufunga, na ile sevisi ya zile tatu."

Nikamwomba aniandikie mchanganuo. Mashine ilikuwa 1,700,000, kuifunga 300,000, sevisi 400,000. "Mengineyo" yalikuwa mabomba ya shaba na nyaya za mashine mpya, 150,000, na gesi ya zile za zamani, 230,000.

Hapo ndipo ankara ilipogawanyika. Mashine, ufungaji na mabomba vilikwenda mali ya kudumu, jumla 2,150,000, kwa kuwa gharama ya kukifanya kifaa kianze kazi ni sehemu ya bei yake. Sevisi na gesi, 630,000, vilibaki matengenezo.

Kilichonipa shida zaidi ni kodi ya zuio. Hapa Tanzania tunakata asilimia 5 kwenye ada ya huduma ya mkazi, na mimi nilikuwa nimekata kwenye 2,400,000 nzima, yaani 120,000. Kazi halisi ya fundi ilikuwa kufunga na sevisi, 700,000, hivyo makato sahihi yalikuwa 35,000. Nilimkata 85,000 zisizostahili, na hilo liliniuma kuliko kosa la rejista. Tazama ufungaji: kwenye vitabu ni mali, kwenye kodi ni huduma. Kwa hiyo sasa kila mstari nauliza mara mbili, akaunti gani, kisha kodi gani, na jibu la kwanza halinipi la pili.

Siku hizi "huduma", "vifaa" au "mengineyo" likisimama peke yake, naliweka kwenye akaunti ya muda pamoja na namba ya ankara na jina la aliyeagiza kazi, maana huyo ndiye anayejua kilichofanyika. Akaunti hiyo lazima isome sifuri kabla ya kufunga mwezi. Siihamishii "gharama nyinginezo" ili mradi ifungike. Vitu vidogo kweli, kama sabuni na balbu za elfu chache, naviacha kwenye "gharama nyinginezo" bila kumsumbua mtu.

Fundi sasa anaandika kazi na vifaa mistari tofauti, na malipo yake hayakai tena mezani kwangu.