Breka Haikuwa Mbovu

Miezi minne nilikuwa kichekesho cha mtaa. Duka langu la steshenari hapa Morogoro lina mashine ya fotokopi, printa ya leza na ya laminesheni, zote kwenye laini moja. Umeme ukikatika tunakaa giza wote, ukirudi majirani wanaendelea na kazi zao. Mimi ukirudi nasikia "tap!" kwenye boksi la breka, na foleni ya watu wa vyeti inahamia duka la pili.

Fundi wa kwanza hata kiti hakukalia. "Kaka, hii breka imechoka. Weka ya 32 usahau." Nikaweka, na kweli nikasahau, kama wiki tatu hivi. Asubuhi moja kijana wangu akachomeka birika la chai kwenye ekstensheni ileile ya mashine. Baada ya muda nikanusa samaki. Nikajua mama wa jirani ameshaanza kukaanga, nikawa nawaza mchana nitakula nini. Kumbe samaki ni plagi yangu! Nilipoishika iliniunguza vidole, na soketi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Waya wa ukutani ulikuwa wa 1.5, saizi ya taa, na breka ya 32 ilikuwa inautazama tu ukiungua. Wanaoshauri kuongeza namba ya breka bila kuangalia waya wananiudhi mpaka leo.

Nikarudisha ile ya zamani ya 16, nikachukua kalamu. Vibao vya nyuma ya mashine vinasema fotokopi wati 1,500, printa 1,000, laminesheni 700. Jumla 3,200, gawa kwa volti 230, unapata ampea 14 kasoro kidogo. Yaani hesabu inasema zinatosha. Sasa mbona inakata?

Hapo ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia. Nilichomeka taa ya mezani yenye balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, kwenye laini hiyohiyo, nikazima kila kitu. Nikawasha mashine moja moja huku nimekodolea balbu macho kama mganga na kioo chake. Laminesheni: balbu haikutikisika. Printa: ikakonyeza. Fotokopi: ikakonyeza vibaya, ikafifia halafu ikarudi. Zikiwa zimeshapata moto, nikizima na kuwasha tena, mkonyezo ulikuwa mdogo.

Sababu iko ndani, kwenye fyuza, ile sehemu inayoyeyusha wino wa unga ushike karatasi. Kwenye mashine zangu inapashwa na taa ya halojeni. Waya wa taa ukiwa wa baridi hauzuii umeme sana, kwa hiyo kufumba na kufumbua taa inaweza kuvuta hata mara kumi ya kawaida yake. Laminesheni haina mambo hayo. Yenyewe inavuta kiasi kilekile kwa utulivu mpaka ipate moto, dakika nne tano.

Sasa umeme ukirudi, swichi zote tumeziacha zimewashwa, taa mbili za baridi zinavuta kwa mpigo. Breka yangu iliandikwa B16. Hiyo herufi B maana yake inakata papo hapo mkupuo ukifika kati ya mara 3 na 5 ya 16, yaani ampea 48 hadi 80. Ndiyo maana ilikata "tap" sekunde ileile. Ingekuwa imezidiwa mzigo wa kawaida, ingevumilia dakika kadhaa ndipo ikate.

Tangu siku ile umeme ukikatika kijana anazima soketi zote ukutani. Ukirudi anasubiri kidogo utulie, anawasha fotokopi, ikishaandika iko tayari anawasha printa, laminesheni mwisho. Bila kutumia hata shilingi, breka haikukata tena.

Pesa nilitumia baadaye, laki na kitu, kwa sababu kijana akiugua mimi mwenyewe nasahau. Fundi wa pili alivuta laini mpya ya waya wa 2.5 kwa ajili ya fotokopi peke yake, akapima kwanza ethi, ndipo akafunga C16. Ampea ni zilezile 16, ila C inasubiri mkupuo ufike kati ya mara 5 na 10 ndipo ikate papo hapo. Yupiesi ya kompyuta niliyowahi kuibebesha printa, ikawa inapiga kelele kila ukurasa ukitoka, imerudi kwenye kompyuta.

Birika lipo nyumbani. Taa ya mezani bado iko kaunta, na wateja wakiniuliza kwa nini inakonyeza, nawaambia ni printa inanisalimia.