Besi ilipoanza kushuka ngazi

Kwaya yetu hapa Busia, upande wa Uganda, huimba kwa Kiswahili, na mimi ndiye mpiga kinanda. Kuna wimbo wa sadaka wa polepole ambao ulinisumbua. Kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwenye mstari wa kwanza ni C, G, Am, F. Wa pili ni C, Dm, G, C. Kodi zote zilikuwa sahihi, ila kila zikibadilika ulisikia kishindo, maana mkono wa kulia ulihama mzimamzima na besi, yaani noti ya chini kabisa, ikarukaruka.

Nikaanza na mkono wa kulia. C niliigeuza, nikaipiga G-C-E kuanzia chini badala ya C-E-G. Ukitoka hapo kwenda G, noti ya G inabaki palepale. C inashuka nusu toni kuwa B, na E inashuka toni moja kuwa D. Vivyo hivyo Am kwenda F: A na C hazisogei, ni E tu inayopanda nusu toni kuwa F.

Hapo kishindo kilipungua, lakini hakikuisha. Kugeuza noti za mkono wa kulia hakubadilishi besi, na noti ya chini kabisa ndiyo inayoamua kodi itasikika vipi. Kwa hiyo nikaandika upya: C, G/B, Am, Am/G, F, halafu C/E, Dm, G, C. Herufi iliyo baada ya mkwaju ndiyo inayopigwa chini. Imba besi peke yake kwa solfa: do, ti, la, so, fa, mi, re. Inashuka ngazi moja moja, kisha inaruka so na kutua do. Kwangu hicho ndicho kipimo: besi isiyoimbika peke yake bado haijakaa sawa.

Sasa tuna kijana wa gitaa la besi. Kwenye C/E yeye alikuwa bado anapiga C, nami mkono wa kushoto napiga E kulekule chini. Ikasikika nzito kama uji ulioungua. Anayepiga noti ya chini kuliko wote ndiye anayeamua, kwa hiyo mkwaju wa kinanda peke yake hauna kazi. Nikamwambia, “Mdogo wangu, ukiona mkwaju, wewe soma herufi ya nyuma tu.” Mimi nikautoa mkono wa kushoto huko chini. Kwenye G/B nikaacha pia B ya mkono wa kulia, nikabaki na G na D, kwa sababu B ya besi inatosha. Ukiirudia juu inapiga kelele.

Mwalimu wa kwaya aliipenda C/E hata akataka tumalizie nayo. Nilikataa. E ikiwa chini, kodi haitulii, inadai kuendelea. Kwenye “Amina” waimbaji wangebaki wanangoja noti nyingine. Pale besi inapiga C.