Grafu ya mistari miwili: jinsi nilivyopata mpando mkali na asilimia

Hii grafu ilikuwa na mistari miwili, A na B, swali linataka sehemu ambayo mstari A umepanda kwa kasi zaidi. Kwa macho unaona Februari hadi Aprili, 50 kwenda 66, imepanda 16, lakini cheki mhimili wa chini kwanza, hapo ni miezi miwili, so ni 8 kwa mwezi, wakati Januari hadi Februari ilitoka 40 ikafika 50, yaani 10 kwa mwezi mmoja tu. Jibu ni Januari hadi Februari.

Asilimia sasa: Februari A ni 50, B ni 40. A imezidi B kwa 10/40, yaani 25%, ila wakiuliza B iko chini ya A kwa asilimia ngapi unagawa kwa 50, inakuwa 20%. Namba ya mstari unaotajwa baada ya "imezidi", "chini ya" au "kuliko" ndo unagawia.