Ramani ya viwanja vya Igombe: alama za upande wa ziwani

Viwanja ninavyovichorea ramani hapa Igombe, Ilemela, vimebanwa kati ya barabara na ziwa. Vinafuata ufukwe kwa kama mita 400, na kutoka barabarani hadi majini ni mita 150 hivi. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nilishapata, na picha nilipiga asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza, droni ikiwa mita 80 juu. Kwa kamera yangu, pikseli moja hapo ni takriban sentimita 2.2 za ardhi.

Pikseli ndogo haimaanishi ramani sahihi. GPS ya droni ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo picha inaweza kuwa safi kabisa huku ukuta wa mtu umekaa kwa jirani. Ndiyo maana kuna pointi za ardhini: alama zinazoonekana kwenye picha, ambazo mahali pake pamepimwa kwa chombo cha uhakika. Barabarani na katikati ya viwanja nilitandaza vipande vya turubai vya sentimita 60 kwa 60, vyenye miraba nyeusi na nyeupe. Ufukweni nilichora misalaba kwa rangi nyeupe juu ya majabali. Mchanga unahama na ng'ombe wanaoshuka kunywa maji hawaheshimu turubai. Zote 12 nilizipima kwa RTK ya kukodi, GPS ya upimaji inayosahihishwa papo hapo na kituo cha jirani, kituo chake kikiwa juu ya bikoni ya upimaji yenye majira yanayojulikana, yaani namba za mahali pake, na sikurekodi pointi kabla skrini haijaandika FIXED, kwamba kipimo kimetulia kwa usahihi wa sentimita.

Kisha picha zilezile nikazichakata kwenye WebODM, programu inayounga picha za droni kuwa ramani, kwa njia tatu. Faili la pointi, `gcp_list.txt`, linaanza na mfumo wa majira, halafu kila mstari una mashariki, kaskazini, kimo, namba mbili za pikseli ilipo alama kwenye picha, na jina la picha:

```
EPSG:32736
496712.41 9735820.18 1121.46 2630 1874 DJI_0043.JPG
```

Bila pointi yoyote, ramani nzima ilisogea zaidi ya mita mbili kuelekea magharibi. Hilo nililitarajia.

Njia ya pili ndiyo ya kuangalia vizuri. Nilitumia pointi tano, zote za kando ya barabara, jinsi wengi wanavyofanya kwa sababu huko kunafikika kwa pikipiki. Ripoti ikasema kosa ni sentimita 1.4. Ukiishia hapo unafurahi na kukabidhi kazi. Lakini kosa hilo linapimwa kwenye pointi zilezile ambazo programu imelazimishwa kuzifuata. Nilipofungua ramani kwenye QGIS na kusoma misalaba ya majabali, ambayo programu haikupewa, ufukwe ulikuwa umekosea sentimita 19 kwa upande na zaidi ya nusu mita kwa kimo. Pointi zilizokaa karibu kwenye mstari mmoja haziushiki mfano wa ardhi ambao programu inaujenga kutokana na picha. Mfano unazunguka juu ya mstari huo kama mlango kwenye bawaba. Ziwa nalo linaongeza tatizo, kwa sababu maji hayana kitu kinachotulia ambacho programu ingekilinganisha kati ya picha na picha. Magugu maji ni mabaya zaidi: yanaonekana kama kitu imara, kumbe yanaelea na kusogea kati ya picha mbili.

Njia ya tatu ilikuwa na pointi nane: nne barabarani hadi kwenye kona, tatu majabalini na moja katikati. Nne zilizobaki niliziacha za kukagulia tu, mojawapo ikiwa ufukweni. Kosa kwenye hizo nne likashuka hadi sentimita 3 kwa upande na 5 kwa kimo. Kosa la pointi za kukagulia ndilo ninalomwonyesha mteja, siyo lile la pointi ambazo programu ilipewa.

Hata hivyo, ua wa minyaa wenye upana wa mita moja bado hauwezi kukuambia mpaka uko wapi. Bikoni zilizofichwa na majani nilizifyekea na kuzipaka chokaa kabla ya kurusha. Na ramani ya kuandikishwa bado inahitaji mpima ardhi aliyesajiliwa.

Mzee mmoja alipima ubavu wa kiwanja chake kwa futi kamba akapata mita 58.40, ramani ikasema 58.37. "Kijana, ndege yako imenimega?"

"Hapana, mzee. Kamba yako iko sawa, na ramani iko sawa."

Mwanza iko karibu sana na mstari wa 33° Mashariki, katikati ya kanda ya 36 ya UTM, mfumo wa majira ulioko kwenye faili langu, ambako ramani hufupisha umbali kwa sentimita 4 kila mita 100. Kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, zinaongezeka karibu 2. Jumla sentimita 6 kwa mita 100, yaani 3 na ushee kwa ubavu wake. Majira siyagusi, lakini kwenye nakala ya fundi wa ukuta sasa naandika urefu wa ardhini pembeni ya ule wa ramani.