Lita kumi za mabwawa: nilivyojifunza kubadilisha neno moja bila kuharibu mengine

Nina steshenari ndogo Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Mama mmoja, katibu wa kikundi cha wanawake wafugaji wa samaki, aliniletea mpango kazi wao kwenye flashi. Walikuwa wakifuga kwa vizimba ziwani, sasa wanahamia kwenye mabwawa ya kuchimba kule Misungwi. "Mwanangu, kila palipoandikwa ziwa weka bwawa, halafu unitolee nakala tatu."

Nilibonyeza Ctrl+H kwenye Word, nikaandika ziwa juu na bwawa chini, nikabofya Replace All. Nikaprinti, nikahifadhi faili, nikafunga.

Kesho yake alirudi amenuna. Kwenye bajeti, "maziwa ya chai ya mikutano, lita 10" yalikuwa yamegeuka "mabwawa ya chai ya mikutano, lita 10". "Wanachama waliouziwa vifaranga" walikuwa "walioubwawa vifaranga". Na Ziwa Victoria lenyewe lilisomeka Bwawa Victoria. Niliona aibu kwelikweli, maana karatasi zile alikuwa ameshazigawa kwenye kikao.

Kosa lilikuwa langu, kwa kudhani kompyuta inatafuta neno. Inatafuta mfuatano wa herufi: z, i, w, a. Ikiukuta inabadilisha, haiangalii kabla yake kuna nini wala baada yake kuna nini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kubadilisha class kuwa group kwenye ripoti yake ya Kiingereza, akapata groupification mahali pa classification. Yeye alibahatika, kwa sababu mstari mwekundu ulimwonyesha. Kompyuta yangu haina kamusi ya Kiswahili, na hata ingekuwa nayo, "mabwawa" ni neno halali. Isingelishuku.

Kurudisha nyuma nako hakukuwezekana. Ctrl+Z ilishapotea nilipofunga faili. Kubadilisha bwawa kuwa ziwa kungegeuza pia mabwawa ya kweli, ambayo mama alikuwa ameyaandika mwenyewe. Nilimwomba flashi yenye faili la awali, nikaanza upya.

Kwanza nilijaribu kutafuta ziwa lenye nafasi mbele na nyuma. Haikutosha: iliruka kila ziwa lililofuatwa na koma au nukta, na lile lililoanza aya. Ndipo nikabofya More kwenye dirisha lile la kubadilisha, nikatia tiki kwenye Find whole words only na Match case. Tiki ya kwanza inataka pande zote mbili za neno pasiwe na herufi nyingine, iwe ni nafasi, koma, nukta au mwanzo wa mstari. Ya pili inatofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo Ziwa Victoria halikuguswa.

Safari hii nilihesabu kabla ya kubadilisha. Bila tiki, ziwa lilipatikana mara 58. Kwa tiki zote mbili, mara 31. Nilitaka kujua hizo 27 ni nini. Nane zilikuwa Ziwa lenye herufi kubwa, sita maziwa, nne za kuuziwa na ndugu zake. Tisa zilizobaki zilikuwa ziwani. Hapo ndipo Kiswahili kinapohitaji uangalifu kuliko Kiingereza: tiki ya neno zima inayaokoa maziwa, lakini inaliacha na ziwani, ambalo mama alitaka liwe bwawani. Kwa hiyo nilipita mara mbili, kwanza ziwa, kisha ziwani kuwa bwawani. Zile nane za herufi kubwa nilizipitia moja moja kwa Replace. Sita zilikuwa Ziwa Victoria, nikaziacha. Mbili zilikuwa mwanzo wa sentensi, nikazibadilisha.

Siku hizi, faili likiwa refu, nalifungua kwenye LibreOffice Writer, natia tiki Regular expressions na Match case, halafu naandika hivi:

```
Find:    \bziwa(ni)?\b
Replace: bwawa$1
```

Alama `\b` ni mpaka wa neno. `(ni)?` maana yake "ni" inaweza kuwepo au isiwepo, na `$1` inairudisha kama ilikuwepo. Ziwa linakuwa bwawa, ziwani linakuwa bwawani, maziwa yanabaki maziwa.

Kwenye programu nyingine nyingi, tofauti na LibreOffice, mpaka huo una udhaifu mmoja ambao sisi tunakutana nao sana. Huko, kwa `\b`, alama ya ng' si herufi. Ukitafuta `\boa\b` ili ubadilishe oa, itaingia pia ndani ya ng'oa, kwa sababu inaona mpaka baada ya ile alama. Maneno ya namna hiyo nayabadilisha moja moja kwa mkono.

Mama nilimtolea nakala tatu nyingine bila malipo, na ukurasa wa bajeti tuliusoma pamoja mstari kwa mstari kabla hajaondoka.